Kutafuta matriksi X: mlinganyo AX = B, na matriksi zote zinazobadilishana nafasi na A

Kila muhula mada ya matriksi inapofika, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hapa Kisumu hurudi na maswali yale yale. "Mwalimu, mbona nisigawanye B kwa A nimalize?" "Mbona nimekagua jibu langu likakubali, na bado nimekosa?" Na la tatu, ambalo huwasumbua hata walio chuoni: "Nimeambiwa nitafute matriksi zote X ambazo AX = XA. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba hakuna niliyoiacha?"

Maswali haya yana mzizi mmoja. Ukizidisha nambari, 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja. Ukizidisha matriksi, AX na XA kwa kawaida ni vitu viwili tofauti. Ukilishika hilo kila unapoandika mstari mpya, kazi yote iliyo hapa chini ni hesabu za kujumlisha na kuzidisha tu. Tutatumia matriksi moja ya mbili kwa mbili tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, ili usihangaike na nambari mpya kila mara.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kalamu, karatasi yenye nafasi, na mambo manne ambayo mkono wako uwe umeshayazoea.

Kwanza, kuzidisha matriksi mbili. Kidole cha mkono wa kushoto kinatembea kwenye mlalo wa matriksi ya kushoto, kidole cha mkono wa kulia kinashuka kwenye safu wima ya matriksi ya kulia. Zidisha zinazokutana, kisha jumlisha. Ukiona vidole vyote viwili vinatembea mlalo, simama, umeshakosea.

Pili, determinanti. Kwa matriksi yenye a, b juu na c, d chini, determinanti ni ad − bc.

Tatu, kinyume cha matriksi, A⁻¹. Badilishana nafasi za a na d, geuza alama za b na c bila kuzihamisha, kisha gawanya kila kitu kwa determinanti.

Nne, matriksi ya utambulisho, I, yenye 1 kwenye mshazari mkuu (kutoka juu kushoto kushuka chini kulia) na 0 kwingineko. Kuzidisha kwa I hakubadilishi chochote, uiweke kushoto au kulia.

Kama mojawapo kati ya haya bado linakutatiza, lifanyie mazoezi kwanza. Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya mlinganyo huwa ni ya kuzidisha.

## Sehemu ya kwanza: kutafuta X katika AX = B

Tuchukue mfano wa sokoni, kwa sababu utatusaidia kuona kwa nini upande una maana. Mteja wa kwanza anataka kilo 2 za mchele na kilo 1 ya maharagwe. Mteja wa pili anataka kilo 3 za mchele na kilo 4 za maharagwe. Kila mmoja ameuliza jumla yake katika masoko mawili, Ahero, ambako mchele hutoka mashamba ya hapo karibu, na Kibuye mjini Kisumu. Jumla tunazijua, bei ya kilo moja moja ndiyo hatuijui. (Bei zenyewe ni za mfano, usizipeleke sokoni.)

```
A = | 2  1 |      B = |  420   440 |
    | 3  4 |          | 1030  1010 |
```

Milalo ya A ni wateja, safu wima zake ni mchele na maharagwe. Milalo ya B ni wateja vilevile, na safu wima zake ni Ahero na Kibuye. X tunayoitafuta ina milalo ya mchele na maharagwe, na safu wima za Ahero na Kibuye.

1. Andika mlinganyo na uzungushie A duara, ukitaja iko upande gani wa X. Hapa ni AX = B, kwa hiyo A iko kushoto. Usiruke hatua hii hata kama inaonekana ya kitoto.

2. Tafuta determinanti ya A. 2 × 4 − 1 × 3 = 5. Si sufuri, basi A ina kinyume na X ni moja tu. Ingekuwa sufuri, ungeacha njia hii na kwenda kwenye sehemu ya determinanti sufuri hapo chini.

3. Andika kinyume, lakini uache sehemu ya 1/5 nje ya mabano.

```
A⁻¹ = (1/5) |  4  -1 |
            | -3   2 |
```

Usiiingize 1/5 ndani sasa. Ukiiingiza utazidisha 4/5 kwa 420 na −1/5 kwa 1030, na kosa dogo la sehemu litakuharibia ukurasa mzima. Kabla ya kusonga mbele, zidisha A kwa matriksi iliyo ndani ya mabano peke yake. Lazima upate 5, 0, 0, 5. Ukisahau kubadilishana nafasi za 2 na 4, kwa mfano, utapata 1 na 2 juu, −6 na 13 chini, na utalijua kosa lako mapema, kabla halijaingia kwenye nambari kubwa.

4. Zidisha pande zote mbili kwa A⁻¹, kutoka upande ule ule uliozungushia duara. A iko kushoto kwa X, kwa hiyo A⁻¹ inaingia kutoka kushoto, upande wa X na upande wa B pia. A⁻¹A inakuwa I, na X inabaki peke yake:

```
X = A⁻¹B = (1/5) |  4  -1 | |  420   440 |
                 | -3   2 | | 1030  1010 |
```

Nafasi nne ni hizi:

```
juu kushoto:    4×420 − 1×1030 = 1680 − 1030 = 650
juu kulia:      4×440 − 1×1010 = 1760 − 1010 = 750
chini kushoto: −3×420 + 2×1030 = −1260 + 2060 = 800
chini kulia:   −3×440 + 2×1010 = −1320 + 2020 = 700
```

5. Sasa gawanya kwa 5.

```
X = | 130  150 |
    | 160  140 |
```

Mchele ni shilingi 130 Ahero na 150 Kibuye, maharagwe ni 160 Ahero na 140 Kibuye.

6. Kagua kwa kurudisha X kwenye mlinganyo ulioandikwa kwenye swali. Mteja wa kwanza, Ahero: 2 × 130 + 1 × 160 = 420. Sawa. Malizia nafasi tatu zilizobaki vivyo hivyo.

### Jibu linalokubali na bado si sahihi

Hapa ndipo lile swali la pili linapojibiwa. Tuseme umesahau upande, ukaandika X = BA⁻¹. Utapata hivi:

```
BA⁻¹ = |  72   92 |
       | 218  198 |
```

Angalia jinsi inavyodanganya. Nambari ni kamili, ni chanya, na zinafanana kabisa na bei za sokoni. Tena ukiikagua kwa kuizidisha na A ukiwa umeiweka kushoto, yaani XA, utapata 420, 440, 1030, 1010 bila pungufu. Mwanafunzi anaona B imetokea, anapiga mstari na kugeuza ukurasa.

Kilichotokea ni kwamba ametatua mlinganyo mwingine, XA = B, na ametatua vizuri. Lakini hakuulizwa huo. Ukiziweka bei hizo kwenye swali lenyewe, mteja wa kwanza analipa 2 × 72 + 218 = 362 huko Ahero, si 420. Hata kimaana XA haina mashiko hapa, kwa sababu ingezidisha bei ya Ahero kwa kilo za mteja wa kwanza, na ya Kibuye kwa kilo za mteja wa pili, kisha ikazijumlisha. Hakuna mtu anayenunua hivyo.

Kwa hiyo wakati wa kukagua, nakili mlinganyo kutoka kwenye karatasi ya maswali, usiunakili kutoka kwenye hesabu yako. Ukiunakili kutoka kwenye hesabu yako, kosa la upande litakubeba hadi mwisho.

Na lile swali la kwanza, kwa nini usiandike B/A? Kwa sababu B/A haisemi kama ni A⁻¹B au BA⁻¹, na umeona sasa kwamba ya kwanza inatoa 130 mahali ambapo ya pili inatoa 72.

### Sura nyingine za mlinganyo

Ukikuta XA = B, kinyume kinaingia kutoka kulia, X = BA⁻¹. Ukikuta AX + C = B, toa C kwanza pande zote, ndipo uzidishe. Ukikuta AXC = B, ondoa A kutoka kushoto na C kutoka kulia, X = A⁻¹BC⁻¹.

Sura inayokamata wengi ni ile yenye X pande mbili, kama AX = B + 3X. Unahamisha 3X, unapata AX − 3X = B, kisha unataka kuitoa X nje ya mabano. Hapo wengi huandika (A − 3)X. Kutoa nambari kwenye matriksi hakuna maana, na anayelazimisha hutoa 3 kwenye nafasi zote nne. Andika 3X kama 3IX kwanza, ndipo utoe X nje:

```
(A − 3I)X = B        A − 3I = | -1  1 |
                              |  3  1 |
```

Ni mshazari mkuu tu uliopungua 3. Determinanti yake ni −4, na kuanzia hapo unarudi hatua ya 2.

### Determinanti ikiwa sufuri

Usiandike "hakuna jibu" na kuondoka. Kukosa kinyume na kukosa jibu ni mambo mawili.

Tuseme mteja wa kwanza anataka kilo 1 ya mchele na kilo 2 za maharagwe, na wa pili anataka kilo 2 na kilo 4. Determinanti ni 1 × 4 − 2 × 2 = 0. Ukitazama orodha zenyewe utaona sababu: mteja wa pili ameagiza mara mbili ya yule wa kwanza, kwa hiyo jumla yake haikupi habari mpya. Sasa angalia B. Kama mlalo wa chini ni mara mbili ya ule wa juu, tuseme 450, 430 juu na 900, 860 chini, majibu hayana idadi. Andika X kwa herufi p, q juu na r, s chini, na mlalo wa kwanza utakupa p + 2r = 450 na q + 2s = 430. Jibu kamili ni hili, r na s zikiwa nambari yoyote:

```
X = | 450 − 2r   430 − 2s |
    |    r          s     |
```

Kama chini kungekuwa 910 badala ya 900, hapo ndipo hakuna X yoyote, kwa sababu aliyenunua mara mbili hawezi kulipa zaidi ya mara mbili kwa bei zile zile.

## Sehemu ya pili: matriksi zote zinazobadilishana nafasi na A

Turudi kwenye A yetu ya 2, 1, 3, 4. Sasa tunatafuta kila X ambayo AX = XA. Matriksi kama hiyo tunasema inabadilishana nafasi na A, maana kuiweka kushoto au kulia hakuleti tofauti.

Kabla ya hatua zenyewe kuna njia mbili za kuepuka. Ya kwanza ni kufuta A pande zote. AX = XA, mtu anafuta A, anabaki na X = X, anahitimisha kwamba kila matriksi inafaa. A moja iko kushoto na nyingine iko kulia, hazifutiki. Jaribu X yenye 1 juu kulia na 0 kwingineko, AX ina 0, 2 juu na 0, 3 chini, ilhali XA ina 3, 4 juu na 0, 0 chini. Ya pili ni kuzidisha kwa kinyume na kupata X = A⁻¹XA. Ni kweli, lakini X bado iko pande zote mbili na hujasogea hatua hata moja. Kinyume hakina kazi katika swali hili, wala haijalishi determinanti ni sufuri au la.

1. Ipe X herufi nne.

```
X = | p  q |
    | r  s |
```

Usitumie a, b, c, d. Hizo ziache kwa A, la sivyo utazichanganya mbele.

2. Zidisha AX na XA kila moja kivyake, uziandike zikiwa ubavuni.

```
AX = | 2p + r     2q + s  |     XA = | 2p + 3q    p + 4q |
     | 3p + 4r    3q + 4s |          | 2r + 3s    r + 4s |
```

Katika XA, mlalo wa X ndio unaotembea, na safu wima za A ndizo zinazoshuka. Makosa ya sehemu hii yote huzaliwa kwenye mstari huu, basi uufanye polepole.

3. Linganisha nafasi kwa nafasi. Matriksi mbili ni sawa pale tu nafasi zote nne zinapokuwa sawa.

```
juu kushoto:    2p + r  = 2p + 3q     →  r = 3q
juu kulia:      2q + s  = p + 4q      →  s = p + 2q
chini kushoto:  3p + 4r = 2r + 3s     →  3p + 2r = 3s
chini kulia:    3q + 4s = r + 4s      →  r = 3q
```

4. Tafuta milinganyo inayojirudia. Wa nne ni sawa na wa kwanza. Kwenye wa tatu, weka 3q mahali pa r: 3p + 6q = 3s, yaani s = p + 2q, sawa na wa pili. Minne imebaki miwili. Usishtuke wala usidhani umekosea, ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukibaki na milinganyo mitatu tofauti kwa matriksi ya mbili kwa mbili, rudi hatua ya 2.

5. Chagua herufi za kubaki huru, uandike zilizosalia kwa hizo. Hapa p na q zinabaki huru:

```
X = | p       q    |
    | 3q   p + 2q  |
```

Hili ndilo jibu, na ndiyo sababu unaweza kusema "zote" bila wasiwasi. X inabadilishana nafasi na A ikiwa milinganyo minne inatimia, na haibadilishani ikiwa hata mmoja hautimii. Tumeibeba yote minne bila kuacha wala kuongeza. Anayejaribu nambari za kubahatisha anaweza kupata I, akapata na A⁻¹, akafurahi, lakini hatajua kama zimekwisha.

6. Itenganishe iwe I na A. Toa q mara A kwenye X uone kinachobaki. Kunabaki p − 2q kwenye mshazari mkuu na sufuri kwingine. Yaani:

```
X = (p − 2q) I + q A
```

Maana yake, kila matriksi inayobadilishana nafasi na A hii imetengenezwa kwa I na A yenyewe, kila moja ikizidishwa kwa nambari fulani na kujumlishwa. Inafuata pia kwamba ukichukua matriksi mbili zozote kutoka kwenye jibu hili, zitabadilishana nafasi zenyewe kwa zenyewe.

7. Kagua kwa matriksi ambazo lazima ziwemo. A yenyewe inabadilishana nafasi na A, basi p = 2 na q = 1 lazima zitoe 3 na 4 chini. Zinatoa. Kinyume chake lazima kiwemo pia: p = 4/5, q = −1/5 vinatoa r = −3/5 na s = 2/5, sawasawa. Na A², ambayo ni 7, 6 juu na 18, 19 chini: 3 × 6 ni 18, na 7 + 2 × 6 ni 19. Huu ndio ukaguzi bora kuliko wote kwa swali hili, kwa sababu hauhitaji kuzidisha kwa herufi tena.

### Njia ya mkato, na mahali inapoishia

Ukifanya hatua hizo hizo kwa A yenye herufi a, b, c, d, utaona milinganyo yote inasema jambo moja:

```
q : r : (s − p)  =  b : c : (d − a)
```

Kwa A yetu, b ni 1, c ni 3, d − a ni 2. Basi q, r na s − p lazima ziwe katika uwiano wa 1 : 3 : 2, ndiyo r = 3q na s = p + 2q tulizozipata. Arthur Cayley, aliyechapisha makala yake kuhusu nadharia ya matriksi mwaka 1858, alilishughulikia suala hili hili la matriksi zinazobadilishana nafasi.

Uwiano huu ni mzuri wa kukagulia. Kwenye mtihani onyesha hatua za kulinganisha, kwa sababu mwenye kusahihisha anatafuta hizo. Na usiupeleke kwenye matriksi za tatu kwa tatu. Huko herufi huru huwa tatu au zaidi, na I pamoja na A peke yake hazitoshi kutengeneza jibu lote.

Mara nyingine swali linakuja limefichwa: "Tafuta k na m ikiwa matriksi yenye m, 4 juu na k, 3 chini inabadilishana nafasi na A." Ukiwa na umbo la jibu mkononi ni kazi ya mistari miwili. q ni 4, basi k = 3 × 4 = 12. s ni 3, basi 3 = m + 8, m = −5.

### Matriksi tatu za kuzoesha mkono

Matriksi yenye 2 na 5 kwenye mshazari mkuu na sufuri kwingine. Ukilinganisha juu kulia unapata 2q = 5q, na chini kushoto 5r = 2r. Hapa kuna mtego: anayegawanya kwa q anapata 2 = 5 na kuandika "hakuna jibu". Usigawanye kwa herufi ambayo inaweza kuwa sufuri. Hamisha, 3q = 0, kwa hiyo q = 0, na r = 0 vilevile. Jibu ni kila matriksi yenye p na s kwenye mshazari na sufuri kwingine.

Matriksi yenye 1, 1 juu na 0, 1 chini. Juu kushoto inatoa p + r = p, yaani r = 0. Juu kulia inatoa q + s = p + q, yaani s = p. Jibu lina p, q juu na 0, p chini.

Mwisho, matriksi yenye 3 kwenye mshazari mkuu na sufuri kwingine, yaani 3I. Hapa milinganyo yote minne inakuwa ya aina ya 3p = 3p, haikuambii chochote, na jibu ni kila matriksi ya mbili kwa mbili. Hiyo hutokea kwa matriksi za aina hii tu, nambari moja mara I.

## Ukikwama

X imetoka na sehemu mbaya. Tazama nambari za chini ya mstari. Katika AX = B yenye nambari kamili, kila nambari ya chini ya mstari lazima igawanye determinanti bila baki. Determinanti ikiwa 5 na wewe umepata robo, kosa liko kwenye kuzidisha au kwenye determinanti yenyewe.

Ukaguzi unatoa B iliyozidishwa. Ukipata 2100 mahali pa 420, umesahau kugawanya kwa 5. Uwiano ukiwa ule ule nafasi zote nne, ni hilo tu, huna haja ya kuanza upya.

Ukaguzi umekubali safu wima moja na kukataa nyingine. Safu wima za X hazitegemeani katika AX = B. Safu wima ya Ahero kwenye X ilitokana na safu wima ya Ahero kwenye B peke yake. Rekebisha ile iliyokataa, iliyokubali iache.

Katika AX = XA umepata X = 0 tu, au herufi moja tu iliyo huru. Haiwezekani. I na A zinabadilishana nafasi na A siku zote, na kama A si nambari mara I, herufi huru ni mbili kamili. Mara nyingi umenakili r mahali pa q ulipoandika XA.

Umepata herufi tatu huru. Hilo pia haliwezekani kwa mbili kwa mbili, ni mbili au nne. Umeacha kulinganisha baadhi ya nafasi. Kwa A yetu, ukiacha juu kulia na chini kushoto zote mbili, unabaki na r = 3q peke yake.

Jibu lako lina p na r huru, la mwenzako lina p na q. Huenda nyote mmepata. Weka q = r/3 kwenye la mwenzako: s inakuwa p + 2r/3. Kama ndivyo ulivyoandika, ni familia moja ya matriksi iliyoandikwa kwa herufi nyingine.